Usiombe ruhusa ya kazi nzima

Matangazo ya kazi za ubunifu wa programu za simu yamebadilika. Zamani ukituma picha kumi nzuri za skrini, umemaliza. Leo kampuni ya Nairobi au Dar es Salaam, na zaidi ile ya Ulaya inayotafuta mtu wa kufanya kazi akiwa nyumbani kwake, inataka simulizi ya mradi: tatizo lilikuwa nini, ulijaribu nini kikashindikana, nani aliamua, matokeo yalipimwaje. Wakati huohuo mikataba ya usiri imeshuka hadi kwenye kazi ndogo kabisa. Siku hizi mtu anasainishwa kurasa nne kabla hata hajaonyeshwa nembo anayotakiwa kuirekebisha. Kwa hiyo mwajiri mpya anataka kuona kilekile ambacho mteja wa zamani amekuzuia kukionyesha.

Wabunifu wengi wamejipatia jibu la haraka: weka ukurasa nyuma ya nywila, futa nembo, maisha yaendelee. Wengine wamekata tamaa, wanakwenda kwenye usaili na miradi ya kubuni waliyoifanya sebuleni. Naona makundi yote mawili yameusoma mgogoro huu vibaya, kwa sababu yote yanaamini kwamba mteja akiombwa atakataa tu. Nionavyo mimi, anachokikataa mteja ni ombi letu lilivyo. Tunaomba ruhusa ya kazi nzima, kwa sentensi moja, kwa mtu asiye na mamlaka ya kuitoa, na tunaomba miezi kadhaa baada ya mradi kufungwa, wakati hakuna tena kinachomsukuma yeyote kujibu. Ombi la namna hiyo hata mteja mwenye nia njema hulikataa, maana kukataa hakumgharimu chochote na kukubali kunaweza kumgharimu kazi.

Tuanze na sheria, kwa sababu hapo ndipo ushauri wa mtandaoni unapotupoteza. Sehemu kubwa ya tunachosoma kuhusu potifolio, yaani mkusanyiko wa kazi unazowaonyesha waajiri, kimeandikwa na Wamarekani na Waingereza kwa ajili ya wenzao. Kule mfanyakazi huru anaanza akiwa na faida. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 inampa mwajiri hakimiliki ya kazi ya mtu aliyeajiriwa, lakini aliyepewa kazi kutoka nje hubaki na hakimiliki yake mpaka aihamishe kwa maandishi. Marekani nako, tangu Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipoamua mwaka 1989 kesi ya mchongaji sanamu aliyefanya kazi kwa agizo la shirika la kutetea wasio na makazi, imekuwa wazi kwamba kulipia kazi hakukufanyi uwe mmiliki wake moja kwa moja. Mbunifu wa Manchester anayesema "mkataba haukutaja kitu, basi kazi ni yangu" ana mahali pa kusimama.

Mbunifu wa Nairobi hana. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 kinaanza kwa kumpa mtunzi haki, halafu kinageuka: kazi ikiwa imeagizwa na mtu mwingine, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Kwa maneno mengine, ukimya wa mkataba unamfaidi mteja. Haki ya kutambuliwa kuwa wewe ndiye mtunzi unabaki nayo hata hakimiliki ikihama, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya, wakidhani haki ya kutajwa ni haki ya kuchapisha. Unaweza kusema "hii niliichora mimi" bila kuwa na ruhusa ya kuiweka picha yenyewe kwenye tovuti yako. Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 pia inaanzia kwa mtunzi, lakini wateja wengi wa Dar wameshaweka kifungu cha kuhamisha kila kitu, hivyo tofauti hiyo huisha kalamu inapogusa karatasi.

Juu ya hakimiliki kuna usiri, nao ni kitu kingine kabisa. Hakimiliki inalinda picha. Usiri unalinda habari. Unaweza kuwa mmiliki wa mchoro na bado ukakatazwa kuuonyesha, kwa sababu umebeba habari za mteja. Kuna na jambo la tatu, jina na nembo ya mteja. Mikataba mingi ina kifungu chake peke yake kinachokataza kumtaja mteja katika matangazo, na mingine inakwenda mbali hadi kusema kwamba hata kuwapo kwa uhusiano wenu ni siri. Aliye na mkataba wa aina hiyo hatakiwi kuandika jina la mteja hata kwenye wasifu wake wa kazi. Ukituma ujumbe wa "naomba kuweka mradi wetu kwenye potifolio yangu", umeomba mambo haya matatu kwa mpigo bila kuyataja, na mwanasheria anayeusoma atakataa yote ili alinde lile moja linalomtisha.

Tuchukue mradi mmoja, tuutazame kwa karibu. Mbunifu huru amepewa kazi na wakala wa matangazo. Wakala naye amepewa na kampuni yenye programu ya simu ya kuweka akiba za vyama. Kazi yenyewe ni hatua za kujisajili: zilikuwa skrini 11, mbunifu akazipunguza hadi 6. Mkataba wake na wakala unasema taarifa za siri ni "taarifa zote, kwa namna yoyote, zinazohusu biashara ya mteja", kwamba wajibu huo utadumu miaka 3 baada ya kazi kwisha, na kwamba hakuna kinachoweza kufichuliwa bila ridhaa ya maandishi. Kuna na mstari ambao watu hawausomi: si siri ile taarifa iliyokwisha kuwa wazi kwa umma bila kosa la aliyeipokea.

Mbunifu huyu ana vitu sita mezani. Skrini mpya, ambazo mtu yeyote anayepakua programu kutoka Google Play anaziona. Skrini za zamani, ambazo zilikuwa wazi lakini zimeshaondolewa. Michoro ya awali, ikiwamo njia mbili zilizokataliwa. Takwimu ya watu waliomaliza kujisajili kabla na baada. Maneno na picha za akina mama wa chama kimoja waliohojiwa wakati wa utafiti. Na jina la kampuni. Anaviona kama mradi mmoja, ilhali kila kimoja kina mlango wake.

Skrini mpya hazina siri tena. Kilichobaki ni suala la hakimiliki tu, na hiyo ni ridhaa ambayo kampuni nyingi huitoa bila tabu kwa sababu hakuna mshindani atakayejifunza kitu asichoweza kukiona kwenye simu yake. Skrini za zamani ni vivyo hivyo kisheria, lakini kuna aibu ndani yake: ukiziweka ubavuni mwa mpya na neno "kabla", unaitangazia dunia kwamba kampuni ilikuwa na kazi mbovu, na yule meneja aliyeidhinisha ile mbovu huenda ndiye atakayesoma ombi lako. Michoro iliyokataliwa ni ya hatari kuliko inavyoonekana. Njia iliyokataliwa mwezi Machi inaweza kuwa ndiyo mpango wa mwaka ujao. Takwimu ndiyo siri hasa, na hapa watu wanajifariji kwa kuigeuza, wakiandika "tuliongeza mara mbili" badala ya asilimia. Uwiano nao ni taarifa ya biashara. Na wale akina mama si siri ya kampuni hata kidogo. Sura zao na maneno yao ni taarifa zao binafsi, zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, na kwa Tanzania ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Walikubali kuhojiwa kwa ajili ya kuboresha programu. Kampuni ikikuruhusu kuwaweka kwenye tovuti yako, bado haijakuruhusu, kwa kuwa haina uwezo wa kuridhia kwa niaba yao.

Sasa nani aombwe? Wakala hawezi kukupa asichonacho, na mara nyingi mkataba wake na kampuni unambana zaidi ya unavyokubana wewe. Lakini pia huwezi kumruka na kumwandikia mteja moja kwa moja. Mikataba mingi ya wakala inakataza hilo ili usimnyang'anye kazi. Njia ni kumwandikia wakala, ukimwomba alipeleke ombi kama lilivyo kwa mtu wa kampuni mwenye mamlaka, na akurudishie jibu lenye jina na cheo. Meneja wa bidhaa uliyekuwa ukipiga naye soga kila asubuhi kwa kawaida si mtu huyo.

Hili nimejifunza kwa kuumia. Miaka kadhaa iliyopita meneja mmoja wa mteja wangu alinijibu kwa WhatsApp, "Sawa kaka, weka tu." Nikaweka. Baada ya miezi kama minane meneja alihama, na wanasheria wa kampuni wakaniandikia wakinipa saa 48 kuondoa kila kitu. Niliwatumia ile "sawa". Wakanitumia kifungu cha mkataba kinachosema mabadiliko yoyote lazima yawe kwa maandishi na yasainiwe na pande zote mbili. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya kampuni ya kukodisha ofisi London, ilithibitisha kwamba kifungu cha namna hiyo kina nguvu na makubaliano ya mdomo hayakitangui. Mahakama zetu hazifungwi na uamuzi ule, ila zimezoea kuzitazama hukumu za huko. Kweli, ujumbe wa WhatsApp ni maandishi. Saini ya kampuni iko wapi? Niliuondoa ukurasa siku hiyohiyo.

Ombi zuri, basi, linafanana na hili ambalo mbunifu wetu angeliandika:

"Habari za kazi, dada. Naandika kuhusu kifungu cha 7 cha mkataba wa usiri. Naomba ridhaa ya maandishi ya kuonyesha vitu vinne tu kwenye tovuti yangu: picha tatu za skrini za toleo lililopo sasa Google Play, na mchoro mmoja wa mkono wa hatua ya kuthibitisha kitambulisho. Nimeambatisha ukurasa wenyewe kama utakavyosomeka, pamoja na maneno yote. Hakuna takwimu, hakuna majina wala sura za watumiaji, na hakuna kipengele ambacho hakijatoka. Jina la kampuni litatajwa mara moja, bila nembo. Mkipenda lisitajwe, nitaandika 'kampuni ya huduma za akiba'. Mkinitaka niuondoe ukurasa, nitauondoa ndani ya siku tano za kazi. Kama kuna sehemu inayowasumbua, ikateni kwenye nakala hiyo, nami nitaifuata."

Kinachofanya kazi hapa ni ule ukurasa ulioambatishwa. Mwanasheria aliyeombwa "ruhusa ya mradi" analazimika kukisia baya kuliko yote. Aliyeletewa ukurasa mmoja anahariri, na mtu akishaanza kuhariri amekwisha kukubali nusu. Ahadi ya siku tano nayo ina maana yake, kwa sababu hofu kubwa ya kampuni ni kutoa kitu kisichorudi. Ukiwapa njia ya kukirudisha, umepunguza uzito wa uamuzi kutoka wa milele hadi wa majaribio. Sentensi kuhusu takwimu na watumiaji inamwonyesha msomaji kwamba umeusoma mkataba, jambo ambalo katika idara za sheria ni nadra kiasi cha kufurahisha. Jibu likija kwamba mchoro wa mkono hapana na skrini ndiyo, omba liwekwe kwenye nyongeza fupi ya mkataba, hata aya moja, isainiwe pande zote. Saini ya kielektroniki inatosha kwa shughuli kama hii Kenya na Tanzania.

Kuna wanaopinga, na hoja zao hazilingani uzito. Iliyo nzito inasema: usiombe kabisa. Kwa kuomba unamwamsha aliyelala. Akikataa, umepoteza hata ile nafasi ya kusema hukujua. Na ni kweli kwamba kampuni nyingi hazitakushtaki kwa picha tatu za skrini. Ninaikubali hoja hii kwa sehemu moja tu, pale unapotaka kueleza kwa maneno yako kazi ambayo tayari iko wazi, na mkataba haukatazi kumtaja mteja. Hapo hapahitajiki barua kwa mtu. Lakini kwa yaliyobaki hoja hii inapima hatari isiyo yenyewe. Mahakama iko mbali, ndiyo. Kilicho karibu ni ankara ya mwisho ambayo haijalipwa, ni wakala aliye na wateja wengine kumi, ni mtu utakayemwandika kama mdhamini wako kwenye kazi ijayo. Soko letu ni dogo, na habari kwamba fulani hatunzi siri hufika kabla yake.

Hoja ya upande wa wateja nayo ina haki yake. Wamelipa, wanasimamiwa na wadhibiti, na hawana muda wa kuchambua potifolio za watu. Ila kifungu cha "taarifa zote, kwa namna yoyote" mara nyingi kimenakiliwa kutoka mkataba mwingine bila mtu kufikiri, na kampuni hizohizo, zikija kuajiri, huwaomba waombaji simulizi za miradi ya washindani wao. Hazioni kinyume. Kifungu kinachotenganisha kilichotoka na ambacho hakijatoka kingezilinda vilevile na kuziokoa na barua kama ile ya juu.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile iliyoenea kuliko zote, ya nywila. Mkataba unakataza kumfichulia mtu wa tatu. Hausemi mtu wa tatu akiwa mmoja ni sawa. Na fikiria nani hasa anapewa hiyo nywila. Mbunifu wa programu za fedha anaomba kazi kwenye kampuni nyingine za fedha. Umefunga mlango kwa umma wote usiojali, ukampa ufunguo mshindani mwenyewe. Kufuta nembo nako kunasaidia kidogo tu kwenye soko ambalo kila mtu anaujua mpangilio wa skrini ya kutuma pesa kwa rangi yake. Ukiandika "kampuni kubwa ya simu nchini Kenya", umemtaja. Na aliye upande wa pili wa meza ya usaili anajiuliza jambo moja akiona takwimu za mwajiri wako wa zamani: zetu ataziweka wapi?

Haya yote hayamwachi mbunifu mikono mitupu. Sheria yenyewe inatenganisha siri za biashara na ujuzi ulioingia kichwani mwa mtu kwa kufanya kazi. Kesi inayotajwa sana ni ya Uingereza, ya mwaka 1986, kati ya kampuni ya kuuza kuku na meneja wake wa mauzo aliyeondoka akafungua biashara yake ya kuuza kuku kwa kuwazungusha kwa magari. Mahakama ya rufani ilikataa kuzihesabu njia za mauzo na bei alizokuwa akizijua kuwa siri za kiwango cha kulindwa baada ya ajira kwisha. Mkataba ulioandikwa vizuri unaweza kukubana zaidi ya hapo, lakini namna unavyofikiri inabaki yako. Unaweza kueleza kwenye usaili kwa nini watu huacha kujisajili wanapoombwa picha ya kitambulisho mapema mno, ukachora ubaoni njia mbili za kuitatua, bila kufungua faili hata moja la mteja. Nimekaa upande wa wanaosaili mara kadhaa, na mchoro wa ubaoni umenieleza zaidi kuliko kurasa ishirini zilizopambwa.

Wakati wa kuomba pia hubadilisha jibu. Siku ya kusaini, mstari mmoja unaingia bila vita: baada ya bidhaa kutoka kwa umma, mbunifu anaweza kuonyesha sehemu zilizokwisha kutoka na kueleza nafasi yake, mteja akiwa na haki ya kuomba ziondolewe. Chama cha wabunifu cha Marekani, AIGA, kina mstari wa aina hiyo kwenye mkataba wake wa mfano, kwa hiyo huombi kitu cha ajabu. Ukiukosa hapo, siku nyingine nzuri ni ya kukabidhi kazi, wakati mteja ameridhika na bado anasubiri mafaili. Usiyazuie mafaili kama rehani. Hiyo ni njia ya kugombana. Weka tu ombi kwenye barua pepe ileile ya makabidhiano, pamoja na ukurasa ulioambatishwa. Mbunifu wa programu ya akiba akifanya hivyo, barua yake itasomwa na mtu ambaye bado anakumbuka jina lake.